Joto la maji na muda wa kuivisha chai na kahawa: mwongozo kamili kwa jiko la pwani na la nyanda za juu

Mama mkwe wangu alipokuja kututembelea Mbeya kwa mara ya kwanza, alibeba kutoka Tanga pakiti ya majani ya chai anayotumia kwake siku zote. Asubuhi nikampikia chai ya rangi kwa majani hayo hayo, kwa kipimo alichonielekeza mwenyewe, na kwa muda ule ule. Akanywa nusu kikombe, akakiweka chini.

"Chai yako haijaiva, mwanangu," akasema.

Kesho yake nikaongeza majani. Rangi ikaja, lakini akasema imekuwa kali tu, harufu ya chai anayoijua haimo. Alikuwa sahihi, na mimi sikuwa nimekosea kipimo. Nilipochukua kipimajoto cha jikoni na kukitumbukiza kwenye sufuria iliyokuwa ikitokota kwa nguvu zote, kilisimama kwenye nyuzi 94. Niliongeza moto, nikangoja, hakikupanda. Maji ya Mbeya hayafiki 100 hata ukiyachemsha mpaka jioni.

Sababu yake ni mwinuko. Kadiri unavyopanda kutoka usawa wa bahari, hewa inayokandamiza maji inapungua, na maji yanachemka mapema zaidi. Kwa makadirio, kila mita 300 unazopanda zinakupunguzia nyuzi 1. Tanga, Dar es Salaam, Mombasa na Unguja maji yanachemka kwenye 100. Arusha, iliyo kwenye mita 1,400 hivi, ni kama 95. Mbeya kwenye mita 1,700 ni 94, na Nairobi inakaribiana nayo sana. Njombe ni kama 93. Kwa hiyo anayekwambia "tumia maji yaliyochemka" anakuwa amekupa maelekezo mawili tofauti kulingana na mahali ulipo, na tofauti hiyo ya nyuzi 6 inatosha kabisa kuonekana ndani ya kikombe.

Ninayoandika hapa nimeyajaribu kwenye majiko yote mawili, la Tanga na la Mbeya, kwa vyombo vya kawaida: sufuria, birika, chujio na saa ya simu. Kipimajoto kinasaidia lakini si lazima. Nitaeleza namna ya kufika kwenye joto unalotaka bila hicho.

Kinachotoka kwenye jani, na kwa mpangilio gani

Ukimwagia majani ya chai maji ya moto, vitu havitoki vyote kwa pamoja. Harufu na sehemu kubwa ya rangi hutoka mapema. Kafeini nayo hutoka haraka kwenye maji ya moto. Tanini, yaani kile kinachokaza ulimi na kukwaruza fizi, hutoka polepole zaidi na huendelea kutoka kwa muda wote majani yanapokuwa majini. Hisia hiyo ya tanini ndiyo tunayoiita ukakasi. Itofautishe na uchungu, maana mara nyingi watu wanalalamika chai chungu kumbe wanachosikia ni ukakasi.

Joto linafanya kazi hiyo yote iende kasi. Maji yakiwa ya moto sana kwa jani laini, tanini inatoka kwa wingi kabla utamu wa jani haujapata nafasi ya kusikika. Maji yakiwa vuguvugu kwa jani gumu, unapata maji ya rangi yasiyo na mwili. Ndiyo maana joto na muda huenda pamoja: ukipunguza kimoja, unaongeza kingine. Lakini muda hauwezi kulipia joto moja kwa moja. Chai nyeusi ukiiacha dakika kumi kwenye maji ya nyuzi 80, itapata ukakasi mwishoni, lakini ile harufu nzito ya mwanzo haitakuja. Mama mkwe aliigundua hiyo kwa ulimi tu.

Joto linalohesabika ni la ndani ya chombo

Hapa ndipo wengi tunapopotea. Unachemsha maji vizuri, kisha unayamwaga kwenye birika la kauri lililolala baridi kabatini. Nilipima nyumbani asubuhi ya Juni, Mbeya ikiwa na baridi yake: maji yalitoka jikoni yakiwa 94, yakaingia kwenye birika la lita moja, na baada ya dakika moja kipimajoto kilisoma 84. Birika lilikuwa limekula nyuzi 10. Siku iliyofuata nililisuuza kwanza kwa maji ya moto, nikayamwaga, ndipo nikatia majani na maji mapya. Nikapata 90.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya chai ya rangi na ya kahawa, hasa kama unaishi mahali penye baridi, ni kupasha chombo. Mimina maji ya moto kiasi cha robo, zungusha, mwaga, kisha anza. Na funika. Birika lisilofunikwa hupoa haraka, na mvuke huondoka na harufu unayoitafuta.

Kushusha joto bila kipimajoto

Chai ya kijani na aina chache nyingine zinataka maji yaliyopoa kidogo. Njia ninayoiamini kuliko kungoja ni kuchanganya, kwa sababu hesabu yake haibadiliki. Chukua maji yaliyotoka kuchemka na maji yaliyopoa. Hayo yaliyopoa yawe maji salama ya kunywa, yaani yaliyochemshwa jana yake au yaliyosafishwa. Usitumie ya bomba moja kwa moja, kwani nyuzi 80 za dakika mbili si njia ya kutegemea kusafisha maji.

Pwani, ambako maji yaliyokaa jikoni huwa na nyuzi 25 hadi 28, vikombe 4 vya maji yaliyochemka na kikombe 1 cha maji yaliyopoa vinakupa kama nyuzi 85. Vikombe 3 kwa 1 vinakupa kama 81. Kwa Mbeya, maji yanachemka kwenye 94 na yaliyopoa yana kama 18, kwa hiyo 4 kwa 1 inakuleta kwenye 79. Ukitaka 83, changanya 6 kwa 1. Ukishajua uwiano wa kwako, huhitaji kupima tena.

Njia ya pili ni kumimina kutoka chombo kimoja kwenda kingine. Kila mmimino kwenye chombo kikavu, kisichopashwa, unashusha kati ya nyuzi 5 na 10 kutegemea unene wa chombo. Njia ya tatu ni kuangalia mapovu wakati maji yanapanda. Wachina wana majina ya hatua hizo tangu zamani, na hatua ya kwanza huifananisha na macho ya samaki: vipovu vidogo vinavyojitokeza chini ya sufuria na kuanza kubanduka. Hapo uko karibu na 80. Lakini mapovu yanadanganya kwenye miinuko, kwa sababu kila hatua inakuja mapema kidogo, kwa hiyo mimi huyatumia kama dokezo tu.

Chai ya rangi

Majani mengi tunayonunua dukani ni ya CTC, yaani yamepondwa, yamechanwa na kuviringishwa na mashine mpaka yakawa chembe ndogo ngumu. Chembe hizo zina uso mwingi wa kukutana na maji, kwa hiyo zinatoa karibu kila kitu ndani ya dakika mbili tatu. Majani marefu yaliyosokotwa, yale ambayo ukiyaloweka yanakunjuka na kuonekana jani, yanahitaji muda zaidi.

Kwa chai ya CTC, kijiko kimoja cha chai, kisichofurika, kinatosha kikombe cha mililita 200. Pasha birika. Tia majani kwanza, kisha mimina maji yanayotokota moja kwa moja juu yake, yasipumzike hata kidogo. Funika. Pwani iache dakika 3. Nyanda za juu iache dakika 4, na kama umeipikia kwenye sufuria, iache sufuria kwenye moto mdogo sana kwa dakika moja ya kwanza ili joto lisishuke. Kisha chuja yote, hata kama hamnywi yote kwa wakati mmoja.

Hilo la kuchuja nalisisitiza kwa sababu ya chupa ya chai. Nyumba nyingi humimina chai na majani yake kwenye chupa ili "iendelee kuiva". Chupa inashika joto kwa saa nyingi, na tanini inaendelea kutoka muda wote huo. Saa nne asubuhi unapata kikombe cheusi chenye ukakasi, halafu unakiongezea sukari kuuficha. Chai iliyochujwa kwa wakati wake inakaa kwenye chupa saa mbili tatu bila kuharibika sana.

Majani marefu yape dakika 4 hadi 5 pwani, na moja zaidi juu milimani. Chai ya mfuko ina vumbi laini ndani yake, na dakika 2 hadi 3 zinaitosha. Ukiukamua mfuko kwa kijiko mwishoni, yanayotoka ni maji mazito ya katikati ya mfuko yenye tanini nyingi. Unyanyue, uache udondoke, basi.

Na kwa mama mkwe je? Dawa ilikuwa mambo matatu kwa pamoja: birika lililopashwa, kifuniko, na dakika moja ya ziada. Majani nikayarudisha kwenye kipimo chake cha zamani. Siku hiyo alimaliza kikombe na kuomba cha pili.

Kuna dalili mbili zinazowatia watu wasiwasi bure. Ya kwanza ni chai kugeuka ukungu ikipoa. Kafeini na tanini hushikana chai inapopoa na kufanya wingu. Ni dalili ya chai iliyokolea, na ukiongeza maji ya moto kidogo inang'aa tena. Ya pili ni utando unaoelea juu kama mafuta na kuacha mstari kikombeni. Huo hutokana na maji yenye chokaa nyingi, kama ya baadhi ya visima. Matone machache ya limau huuondoa, ila rangi nayo itafifia, maana asidi hupauza chai nyeusi.

Chai ya maziwa, na kwa nini tangawizi hukata maziwa

Chai ya maziwa ina sheria nyingine kabisa. Tunaipika kwa kuichemsha, jambo ambalo lingeharibu chai ya rangi, na inatoka vizuri kwa sababu protini ya maziwa hukamata tanini. Ukakasi unalainika, ladha nzito inabaki. Kwa hiyo unaruhusiwa kuivisha majani kwa nguvu zaidi. Lakini mpangilio una maana.

Chukua mfano wa chai ya watu wanne: nusu lita ya maji, nusu lita ya maziwa mabichi au ya pakiti, vijiko vitatu vya chai vya majani, na kipande cha tangawizi kama kidole gumba, kilichotwangwa.

Tia tangawizi kwenye maji yakiwa ya baridi, weka jikoni, na yakishaanza kutokota yaache dakika 5. Kisha tia majani na uache yatokote dakika 2, au 3 kama uko juu milimani. Hapo tazama rangi: inapaswa kuwa nyeusi kuliko unavyodhani inafaa. Ndipo umimine maziwa. Ongeza moto mpaka chai ipande na kutaka kumwagika, punguza, na iache dakika 2 nyingine. Chuja.

Maziwa yanakuja mwisho kwa sababu ukimimina nusu lita ya maziwa yaliyopoa kwenye nusu lita ya maji ya moto, joto la sufuria linaanguka mpaka karibu 60. Majani yanasimama kufanya kazi, na tanini kidogo iliyokwisha kutoka inakamatwa na maziwa papo hapo. Ukitia majani baada ya maziwa, utasubiri sana na bado chai itabaki na rangi ya kupauka. Wakenya wengi huchanganya maji na maziwa tangu mwanzo na kuyachemsha pamoja na majani, nayo inakuwa chai nzuri, lakini wanaongeza majani na muda wa moto. Sio njia mbovu, ni gharama tofauti.

Tangawizi nayo. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokata protini ya maziwa, na kinafanya kazi kwa nguvu hasa kwenye nyuzi 60 hadi 70. Ukitia tangawizi mbichi kwenye maziwa na kuanza kuyapasha polepole, unayapitisha katikati kabisa ya joto hilo, na maziwa yanakatika mabonge. Mtu analaumu maziwa, anamlaumu muuza maziwa, kumbe hakuna mwenye kosa. Kimeng'enya hicho hufa kwa kuchemshwa. Zile dakika 5 za mwanzo kwenye maji matupu ndizo zinazokiua. Kama bado una shaka na maziwa yenyewe, chemsha vijiko viwili pembeni bila chochote. Yakikatika yakiwa peke yake, yalikuwa yameshachachuka.

Kijani, zambarau na zisizo chai

Chai ya kijani haikuchachushwa kiwandani, kwa hiyo jani lake bado ni laini na lina uchungu mwingi unaosubiri maji ya moto. Itie kwenye maji ya nyuzi 75 hadi 80 kwa dakika 2. Ukiionja na kuiona nyepesi, ongeza nusu dakika kabla hujaongeza joto. Wengi waliojaribu chai ya kijani mara moja wakaichukia walimiminiwa maji yanayotokota na mfuko ukaachwa kikombeni mpaka mwisho. Uzuri mwingine ni kwamba majani ya kijani yakiwa mazima yanakubali maji ya pili, hata ya tatu, ukiongeza nusu dakika kila mara.

Kenya inalima pia chai ya zambarau, aina yenye majani yenye rangi hiyo tangu shambani. Ikitengenezwa bila kuchachushwa, ishughulikie kama ya kijani, nyuzi 80 kwa dakika 3. Kikombe chake ni chepesi, na ukidondoshea limau kinageuka kuelekea waridi mbele ya macho yako.

Choya, mchaichai, tangawizi tupu na mdalasini si majani ya chai na havina hofu ya moto. Maji yatokote, dakika 5 hadi 10, funika. Kwa mchaichai kifuniko ndicho muhimu kuliko yote, maana harufu yake ni mafuta yanayoondoka na mvuke.

Kahawa: jikoni kwa muonjaji

Kwenye kahawa mambo yanageuka, na kwa mara ya kwanza mtu wa Mbeya au Nairobi anapata nafuu kuliko wa pwani. Kahawa iliyokaangwa kiasi hupenda maji ya nyuzi 92 hadi 96. Kwetu juu, maji yaliyotoka kuchemka tayari yako hapo. Unamimina bila kungoja. Tanga au Dar es Salaam, zima moto, fungua kifuniko, ngoja dakika moja hivi, ndipo umimine. Kahawa iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi na kung'aa mafuta ipe maji ya chini zaidi, 88 hadi 90, kwa sababu tayari ina uchungu wa moto na hutoa ladha yake kirahisi.

Nataka uanze na njia isiyohitaji kifaa chochote, ile ile wanayotumia waonjaji wanaopanga madaraja ya kahawa kabla haijauzwa, kama wanavyofanya Moshi kwenye kahawa za mnada. Kipimo chao ni gramu 8.25 za kahawa kwa mililita 150 za maji. Nyumbani, bakuli la mililita 200 linataka gramu 11, ambazo ni kama vijiko viwili vya chakula visivyofurika.

Kahawa isagwe chenga chenga, iwe kama mchanga mkavu wa ufukweni, isiwe unga. Itie bakulini, uinuse ikiwa kavu. Mimina maji ya nyuzi 93 moja kwa moja mpaka juu, kwa mkono usiosita, ili kahawa yote ilowe. Washa saa. Usiguse. Kahawa itapanda juu na kufanya ukoko mzito wenye mapovu. Kama ukoko haujitokezi kabisa, kahawa hiyo ni ya siku nyingi, hewa yake imeshakwisha.

Dakika ya 4 ikifika, chukua kijiko, sogeza pua karibu na bakuli, kisha uvunje ukoko kwa kuusukuma nyuma mara tatu. Harufu inayotoka hapo ndiyo kali kuliko zote utakazopata, kwa hiyo usiipoteze kwa kuongea. Machicha yanazama chini. Ondoa povu lililobaki kwa vijiko viwili, na usinywe bado. Subiri mpaka dakika ya 9 au 10, kahawa iwe karibu nyuzi 70. Ulimi uliounguzwa hausikii kitu. Onja kwa kijiko, ukifyonza kwa sauti pamoja na hewa, kisha onja tena ikiwa vuguvugu. Kahawa nzuri ya Mbozi au Kilimanjaro huanza kuonyesha utamu na uchachu wa matunda inapopoa. Kahawa mbovu hujificha kwenye moto, na ikipoa inajitaja.

Ukishaielewa kahawa yako kwenye bakuli, jagi la kubonyeza, ambalo wengi huliita plunja, halitakupa shida. Jagi la nusu lita linataka gramu 30, yaani vijiko vitano hadi sita vya chakula. Pasha jagi, tia kahawa ya kusagwa chenga chenga, mimina maji, funika bila kubonyeza, ngoja dakika 4, vunja ukoko, kisha bonyeza taratibu. Mimina kahawa yote mara moja kwenye vikombe au chupa. Ikibaki juu ya machicha inaendelea kuvuta uchungu, hata kama kichujio kimeshashuka.

Ikikataa, ulimi unakwambia upande gani. Kahawa iliyo chachu kama ndimu, nyepesi, inayoisha upesi mdomoni haijaiva: maji yalikuwa ya baridi, muda mfupi, au chenga kubwa mno. Kahawa yenye uchungu mkavu unaobaki kooni imeiva kupita kiasi, na mara nyingi kosa ni kusaga laini mno kuliko joto. Badilisha kimoja tu kwa siku. Ukibadilisha joto na usagaji na kipimo asubuhi moja, hutajua kilichosaidia.

Kahawa ya papo hapo, ile ya kukoroga, imeshaivishwa na kukaushwa kiwandani. Haina cha kuivisha tena. Tumia maji ya moto yoyote yanayokupendeza kunywa.

Kahawa ya dele

Nimesema kahawa ipewe maji yasiyozidi 96, na msomaji wa pwani ameshajiuliza kuhusu kahawa ya barazani, inayokaa juu ya makaa kwenye dele la shaba jioni nzima. Ni swali la haki. Kahawa hiyo inachemshwa kwa makusudi, na uchungu wake ndio unaotafutwa. Hainyweki kikombe kikubwa. Inakuja kwenye kikombe kidogo cha mafunda matatu, bila sukari, na kando yake kuna kashata au tende. Uchungu na utamu vinakutana mdomoni, havichanganywi kikombeni. Tangawizi au iliki huziba pengo la harufu ambayo moto umeiondoa.

Lakini hata hiyo ina namna. Mzee mmoja wa kwetu Tanga, ambaye kahawa yake watu walivuka mtaa kuifuata, alinionyesha anavyofanya. Maji lita moja na tangawizi iliyopondwa vinachemka kwanza. Kahawa, iliyotwangwa karibu iwe unga, vijiko vitano vya chakula vilivyojaa, inaingia ndipo dele linaposogezwa pembeni ya makaa. Inaachwa ipande mara moja, inatolewa, inatulia, inarudishwa, inapanda mara ya pili. Baada ya hapo hairuhusiwi kutokota tena. Aliyasambaza makaa na kuyafunika majivu, akaliacha dele likae juu yake dakika tano bila kutikiswa ili machicha yalale chini, kisha akamimina kikombe cha kwanza na kukirudisha deleni, kwa kuwa mdomo wa dele hubeba vumbi la mwanzo.

"Moto wa kuipika na moto wa kuitunza si mmoja," aliniambia, akiwa amenyoosha kiganja juu ya majivu kupima joto.

Dele likiisha katikati, hakuongeza maji juu ya machicha ya zamani. Alilimwaga, akalisuuza, akaanza upya.